Kuponi haisogei

Diskasheni ilikuwa kwenye kimbweta cha nyuma ya maktaba, saa mbili usiku, testi ya fainansi kesho asubuhi, na Neema daftari lake limejaa "riba ikipanda bei ya hatifungani inashuka" lakini ukimuuliza kwa nini anabaki anakuangalia tu.

"Mi kinachonishinda ni hiki," akasema, "riba si ndo faida ya mwenye bondi? Mkopo wangu riba ikipanda nalipa zaidi, sasa bondi yangu riba ikipanda si nalipwa zaidi? Mbona thamani yake inashuka tena?"

Salum akamsogezea fomula. "Riba inakaa chini ya mstari, ukiiongeza jibu linapungua. Basi."

"Hiyo hesabu naiona Salum. Sababu ndo siioni."

Rehema alikuwa kimya muda wote. Akachana karatasi, akaandika kwa peni: hatifungani ya serikali, shilingi 1,000,000, kuponi 10%, umebaki mwaka 1. Akampa Neema.

"We ndo mwenye hii bondi. Umeikopesha serikali milioni, kila mwaka inakulipa kuponi, hiyo 10% yake, na mwisho inakurudishia milioni yako. Mwakani unapokea shingapi?"

"Milioni moja na laki moja."

"Haya. Leo Benki Kuu imenadi mpya, ya mwaka 1 vilevile, inalipa 12%. Ya kwako mwakani itakupa shingapi?"

Neema akafungua mdomo aseme milioni moja na laki na ishirini, jicho likatua kwenye ile 10%. Imeshaandikwa. Akanyamaza kidogo.

"Ileile. Milioni moja na laki moja."

"Basi niuzie, nina hela hapa."

"Milioni moja."

"Sichukui, milioni yangu nikiipeleka kwenye mnada nakula laki na ishirini, kwako laki moja, ya nini?"

"990,000."

Rehema akabonyeza kalkuleta. "Hapo napata kama asilimia 11. Bado mnada unanilipa zaidi."

"982,000."

Akabonyeza tena, akatabasamu. "Hapo inafika 12. Nanunua."

Neema hakumpa ile karatasi, kaishika anaisoma upya kama vile ndo anaiona. Kuponi haisogei, milioni ya mwisho haisogei, tarehe ya kuiva nayo haisogei, na riba iliyopanda wala sio ya karatasi yake, ni ya zile mpya zinazouzwa leo, kwahiyo kama anataka mtu aichukue ya zamani kilichobaki cha kusogeza ni kimoja tu, bei. Akairudia fomula ya Salum, akagawa 1,100,000 kwa 1.12, ikaja 982,143. Ni bei ileile aliyokuwa anabishana na Rehema sasa hivi!

"Kumbe hii fomula ni mnunuzi anayekataa kupunjwa," akasema, na sauti ikawa kubwa mpaka kimbweta cha pili wakageuka. "Ngoja. Sasa kama imebaki miaka 20, mnunuzi anapunjwa elfu ishirini kila mwaka, miaka yote 20, maana yake bei lazima ishuke sana kuliko hii ya mwaka mmoja. Salum piga."

Salum akapiga. 850,600 na kidogo.

"Eeh!" Neema akasema. "Na riba ikishuka ni kinyume chake. Si mnakumbuka 2022, Benki Kuu ilivyoshusha kuponi ya miaka 20 kutoka 15.49% mpaka 12.10%? Hapo mwenye ile ya zamani alikuwa anashika karatasi inayolipa kuliko ile mpya ya miaka 20 iliyokuwa mnadani, asingeweza kukuuzia kwa bei ileile aliyonunulia, angetaka nyongeza." Akaanza kuipigia hesabu hapohapo kwa kuponi ya mara moja kwa mwaka, ikamjia kama 125 kwa kila 100, akaizungushia duara mara mbili.

Salum sasa ndo akakunja uso. "Ila mama yangu anayo ya miaka 20 na hana mpango wa kuuza. Riba ikipanda kesho, yeye kapoteza nini?"

"Kuponi zake zote anapata kama kawaida na hela yake mwisho anarudishiwa yote. Anachokosa ni ile riba mpya, hela yake si imefungwa huko. Ila hasara ya bei inamkamata akilazimika kuuza kabla haijaiva." Neema akavuta karatasi ya mitihani iliyopita, kidole moja kwa moja kwenye swali la 4, lile la benki ya Silicon Valley kuanguka Machi 2023, ambalo jioni nzima wamelikwepa. "Na hawa ndo walilazimika. Walinunua bondi za miaka mingi riba iko chini, Marekani wakaanza kupandisha riba Machi 2022, bei zikashuka, halafu wateja wakataka hela zao kwa mkupuo. Rehema andika, mi nasema."