YAH: Ombi la kusahihisha jina la mwanafunzi Shaibu, Darasa la Tatu

Saidi Bakari Chilumba,
Kitangari,
Wilaya ya Newala,
Mkoa wa Mtwara.

14 Julai 2025

Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi Mikorosho Mitatu,
Kitangari, Newala.

(Kwa mkono)

Ndugu Mwalimu Mkuu,

YAH: OMBI LA KUSAHIHISHA JINA LA UKOO LA MWANAFUNZI SHAIBU, DARASA LA TATU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni baba wa kambo wa mwanafunzi aliyemo kwenye kumbukumbu za shule yako kwa jina la SHAIBU SAIDI CHILUMBA, mvulana, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 2016, na aliyehamia shuleni kwako Januari mwaka huu akitokea Masasi. Saidi Chilumba ni jina langu. Si jina la baba yake. Jina la mtoto kwa mujibu wa cheti chake cha kuzaliwa ni:

SHAIBU HAMISI NNUNDUMA

Naomba kumbukumbu zake zote za shule zisomeke hivyo.

Baba yake mzazi, Hamisi Shaibu Nnunduma, alifariki mwaka 2019 huko Nachingwea, na mtoto amepewa jina la babu yake upande huo. Nilifunga ndoa na mama yake mwaka 2021. Mwaka uliofuata mtoto aliandikishwa darasa la awali wakati cheti chake kikiwa bado kwa ndugu wa marehemu, na mahali pa jina la baba likaandikwa jina la mlezi. Karatasi za uhamisho zikalibeba jina hilo kama lilivyo, na shule yako ikapokea kilichoandikwa. Kwa hiyo kosa halikuanzia kwako, ila kwako ndiko linakoweza kukomeshwa kabla halijafika mbali.

Nasema kabla halijafika mbali kwa sababu ya mwakani. Shaibu ataingia Darasa la Nne na atasajiliwa kwa Upimaji wa Kitaifa. Majina yanayokwenda Baraza la Mitihani hutoka kwenye mfumo wa PReM, na namba ya PReM ndiyo inayomfuata mwanafunzi kutoka shule moja hadi nyingine mpaka sekondari. Leo jina lake liko kwenye rejista, daftari la mahudhurio na mifumo inayoendeshwa na shule. Kulisahihisha ni kazi ya kalamu na ya mwalimu wa takwimu. Likishachapwa kwenye matokeo, na baadaye kwenye cheti cha sekondari, kila ofisi itakayompokea itauliza kwa nini cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cheti cha shule kinasema vile.

Kwa mtoto huyu swali hilo lina uzito kuliko kwa mwingine, maana ni yatima wa baba. Akifika elimu ya juu na kuomba mkopo, Bodi ya Mikopo humtaka mwombaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na aliyefiwa na mzazi huleta pia cheti cha kifo kilichohakikiwa. Vyeti hivyo viwili vinamtaja Hamisi Nnunduma. Vyeti vya shule vikimtaja Chilumba, kijana ataonekana anadai uyatima kwa marehemu asiyemhusu. Zaidi ya hapo kuna shamba la mikorosho la baba yake lililoko Nachingwea, ambalo lipo mikononi mwa msimamizi wa mirathi, baba yake mdogo, aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo. Shaibu ametajwa kati ya warithi kwa jina lake halali. Sitaki siku atakapokwenda kuchukua haki yake akutane na mtu wa kumwambia kwamba yeye ni mtoto wa Chilumba, na vyeti vya shule vikamuunga mkono mtu huyo.

Naomba ieleweke pia kwamba hatubadili jina. Hati ya kubadili majina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati ni ya mtu anayeacha jina moja na kuchukua jingine. Shaibu hajawahi kuacha jina lake. Vilevile sikumuasili. Kuasili mtoto ni jambo la amri ya mahakama, na amri hiyo haipo wala hatujaiomba. Kumlea, kumlisha na kumsomesha ni wajibu nilioupokea kwa moyo wangu wote, lakini hakunipi haki ya kumvua nasaba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina na haki ya kuwajua wazazi wake waliomzaa. Dini yetu nayo inataka mtoto aitwe kwa baba yake. Nampenda kama ninavyowapenda wadogo zake niliowazaa, na ndiyo maana namwombea jina lake.

Sasa kuhusu tahajia, ambayo kwa majina ya kwetu Kusini ndiyo inayoharibu kazi mara nyingi. Jina la ukoo linaanza na N mbili: N-N-U-N-D-U-M-A. Wengi wakilisikia huandika Mnunduma, wengine Nunduma. Yote mawili si sahihi, na kwenye mfumo wa kompyuta herufi moja ikipungua tayari huyo ni mtu mwingine. Jina la kati ni Hamisi, lenye I mwishoni, si Hamis. Cheti chake ni kile cha kujazwa kwa mkono, cha usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano, na mwandiko wake unaweza kumfanya msomaji aone N ya pili kama U. Kwa sababu hiyo mama yake ameyaandika majina yote matatu kwa herufi kubwa ndani ya kiapo. Naomba anayeingiza taarifa anakili kutoka kwenye kiapo akilinganisha na cheti, asiandike kwa kusomewa. Na majina yaandikwe matatu kamili, bila kufupisha la kati kuwa H.

Kumbukumbu ninazoomba zisahihishwe ni rejista ya uandikishaji, daftari la mahudhurio, taarifa zake kwenye PReM na kwenye mfumo wa taarifa za shule (SIS), pamoja na karatasi ya maendeleo itakayotolewa kuanzia muhula huu. Kwenye rejista, naomba jina la zamani likatwe kwa mstari mmoja unaoacha maandishi yasomeke, jina sahihi liandikwe juu yake, kisha uweke sahihi na tarehe pembeni na kutaja barua hii. Lisifutwe kwa rangi nyeupe wala ukurasa usichanwe. Akija mkaguzi, au mtoto mwenyewe akirudi baada ya miaka mingi, aone kwamba Shaibu Saidi Chilumba na Shaibu Hamisi Nnunduma ni mtu mmoja, na aone ni nani aliyesahihisha na kwa ushahidi gani.

Kwenye PReM ombi langu ni kwamba marekebisho yafanyike juu ya namba yake ileile. Asiingizwe upya kama mwanafunzi mgeni. Akiingizwa upya atakuwa na namba mbili: moja yenye historia yake tangu Masasi lakini yenye jina lisilo lake, na nyingine yenye jina lake lakini haina historia. Hapo mmoja ataonekana mtoro wa kudumu, na wa pili ataonekana ametokea hewani. Kama marekebisho hayo yanahitaji kibali cha ofisi ya Afisa Elimu ya Halmashauri, tafadhali niandikie barua ya kunitambulisha, nami nitaipeleka mwenyewe pamoja na vielelezo halisi.

Sehemu ya mzazi au mlezi ibaki kama ilivyo. Mimi na mama yake ndio tunaoishi naye, ndio tutakaoitwa akiugua au akikosea, na namba za simu zilizopo kwenu ni zetu. Naomba tu mbele ya jina langu pasomeke "baba wa kambo", na mahali panapoulizwa baba mzazi pasomeke "Hamisi Shaibu Nnunduma (marehemu)". Sioni aibu yoyote katika maneno hayo.

Kwa kuwa mimi si mzazi wake kisheria, sikutaka ombi hili lisimame kwa sahihi yangu peke yangu. Mama yake, Zainabu Mohamedi Likwata, ametia sahihi chini ya barua hii, na ndiye aliyekula kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Baba mdogo wa mtoto ameandika barua ya kukubali kutoka Nachingwea, na mjomba wake, ambaye kwa desturi ya upande wa mama hatuwezi kumpita, ameshirikishwa na ameridhia. Hakuna mgogoro wa malezi kati ya familia hizi mbili.

Jambo la mwisho linamhusu mtoto mwenyewe. Shaibu anajua baba yake ni nani, amelizuru kaburi lake, na tumemweleza kwamba jina lake shuleni litarekebishwa. Lakini ana miaka tisa, na watoto wenzake wana midomo. Namwomba mwalimu wa darasa asilitangaze badiliko hili mbele ya darasa wala asimsimamishe kulieleza. Kwa wiki za mwanzo inatosha aitwe Shaibu wakati wa mahudhurio, kama hakuna Shaibu mwingine darasani. Madaftari yake ya sasa yamalizike yalivyo. Mapya tutayaandika jina kamili nyumbani. Akiulizwa na wenzake, amefundishwa kujibu kwamba hilo ndilo jina la baba yake. Akisumbuliwa zaidi ya hapo, tafadhali tuarifiwe mapema.

Nitafika ofisini kwako Jumatatu tarehe 21 Julai asubuhi nikiwa na vyeti halisi, ili uvilinganishe na nakala nilizoambatisha. Naomba siku hiyo nipewe barua fupi yenye muhuri wa shule inayoeleza kwamba majina hayo mawili ni ya mwanafunzi mmoja na tarehe ambayo rejista imesahihishwa. Barua hiyo tutaihifadhi pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, kwa sababu karatasi za Masasi zitabaki na jina la zamani.

Natanguliza shukrani kwa malezi mnayompa.

Wako katika ujenzi wa elimu,

*(sahihi)*
Saidi Bakari Chilumba
Baba wa kambo

Nimeisoma barua hii na ninakubaliana nayo yote:

*(sahihi)*
Zainabu Mohamedi Likwata
Mama mzazi

Viambatisho: nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto na ya cheti cha kifo cha baba yake, zote zimethibitishwa na wakili, kiapo cha mama kuhusu majina ya mtoto, nakala ya kadi ya kliniki, barua ya baba mdogo, msimamizi wa mirathi, barua ya Mtendaji wa Kijiji inayotutambulisha, nakala za vitambulisho vya Taifa vya mama na baba wa kambo.

Nakala: Mwalimu wa Darasa la Tatu.