Sikio la Upanga

Kabla sijaruhusiwa kushika nyundo, niliruhusiwa kusikiliza. Nilikuwa na miaka 11. Baba aliuning'iniza upanga usio na mpini, uzi umepita kwenye tundu la mkia wake, akaugonga bapani kwa kifundo cha kidole.

"Umesikia nini?"

"Umelia."

"Hata sufuria hulia. Umesikia nini?"

Sikuwa na jibu. Akaugonga tena, akaenda zake kuvuta mivukuto.

Nyuma ya mlango wa kiwanda kulikuwa na lundo la panga zilizokataliwa. Mtu mwingine angezirudisha motoni zamani, lakini Baba alisema zile ni za masikio, siyo za mikono. Kila jioni nilitundika mbili, moja nzima na moja mbovu, nikagonga huku nikihesabu mpaka sauti iishe kabisa. Ile nzima ilinifikisha 20 na zaidi, kwa hesabu yangu ya haraka ya kitoto. Ile mbovu ilikata pumzi kwenye 7. Mwanzoni nilidhani upanga mzuri ni ule unaopiga kelele zaidi, mpaka Baba akacheka. "Debe tupu haliachi kuvuma. Achana na ukubwa wa sauti. Sikiliza inavyokwisha."

Basi nikaanza kusikiliza mikia ya sauti. Upanga wenye ufa haufi vizuri. Sauti yake hukwaruza mwishoni, kama mbu aliyenaswa ndani ya karatasi. Wenye tabaka mbili zisizoshikana hulia vizuri ukigonga huku, ukisogea kidogo kinatoka kishindo kizito kisicho na mwangwi. Kuna na ule unaobabaisha kuliko yote: upanga mzima kabisa ambao mpini wake umelegea. Huo hutetemeka na kulalamika mpaka uufungue kila kitu ndipo ujue umeusingizia.

Mimi mwenyewe niliusingizia mmoja. Nilikuwa nimeusikiliza mara tatu, nikamfuata Baba mbio: "Huu umepasuka!" Aliuchukua, akaushika mahali pengine, akaugonga. Ukalia kama kengele. Uso ulinichoma kuliko tanuri.

Hakunigombeza. Aliulaza upanga juu ya vipande viwili vya kitambaa kilichokunjwa, akanyunyiza mchanga mkavu bapani, akagonga taratibu. Mchanga uliruka, ukatambaa, ukakusanyika sehemu mbili: moja karibu na ncha, nyingine upande wa mkia. Kila moja ilikuwa mbali na mwisho wake kwa kitu kama robo iliyopungua kidogo, nilipopima kwa shibiri.

"Hapo ndipo upanga umetulia wakati kwingine kote unacheza," alisema. "Ukiushika hapo, unauacha useme. Ulipoushika wewe, uliuziba mdomo."

Kuupinda nilijifunza baadaye, na hapo nilihitaji uzito zaidi ya masikio. Unaikita ncha kwenye gogo, unasukuma mpaka upanga utoe tumbo, kisha unatazama tumbo lenyewe. Baba alichora upinde kwa mkaa ukutani ili nilinganishe. Upanga uliotengenezwa sawa hujipinda kidogo kidogo kuelekea nchani, kule ulikochongwa mwembamba. Ukiona kiwiko, mahali pamoja panapokunjika peke yake, hapo ni pembamba mno au moto haukushika. Ukiachia, unafumba jicho moja na kutazama makali toka mpinini mpaka nchani. Uliorudi umenyooka, umepona. Uliobaki na kakona, hata ka unene wa ukucha, ni laini. Na ule mgumu kupita kiasi, uliozimishwa kwenye mafuta ukasahauliwa kupashwa tena mpaka ugeuke rangi ya buluu, huo haukupi nafasi ya kutazama. Huvunjika.

Jambo moja lilinisumbua. Siku moja nilitundika upanga uliozimishwa kando ya mwenzake ambao haujawahi kuona mafuta, wa chuma kilekile na umbo lilelile. Nikagonga. Zililia karibu sawa.

"Sasa sauti ina faida gani?"

"Sauti haikwambii chuma ni kigumu au laini," Baba alisema. "Hata ukizipinda kidogo hizo mbili, zitakusukuma mkono sawasawa. Ugumu uulize tupa, na kurudi uulize gogo. Sauti inakwambia kitu kimoja tu: kama ni kitu kimoja."

Nilikuwa nimetimiza miaka 14 ulipofika ule upanga mrefu. Mteja alikuwa anaufuata asubuhi. Baba alikuwa ameufunga mpini, ameunoa, ameupinda mara mbili mbele yangu na ukarudi kama mshale. Akaugonga, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nikasikia mbu.

Nilinyamaza kwanza. Nilikumbuka ule wa mchanga. Nikaomba kuugonga mwenyewe, nikiwa nimeushika pale penye utulivu, na mbu akaja tena, juu kabisa, mwembamba, kisha akapotea.

"Baba, kuna kitu."

"Ni mpini." Aliufungua bila kubishana, ngozi, mbao, kinga ya mkono, mpaka ukabaki chuma kitupu. Akaugonga. "Haya, mlio umekwisha."

"Bado upo."

Alinitazama. Akagonga tena, tena, sikio la kulia, sikio la kushoto. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: aliuuma mkia wa upanga kwa meno, akafumba macho, akagonga kwa mkono. Nikaelewa kwamba kwa muda fulani, sijui tangu lini, alikuwa anasikiliza kwa vidole. Miaka yote ile ya nyundo na fuawe ilikuwa imemla sauti za juu, akabakiwa na zile nene.

"Lete mafuta ya taa," alisema. "Na chaki."

Tuliupaka mafuta upanga mzima, tukauacha kidogo, tukaukausha kwa kitambaa mpaka ukaonekana mkavu. Nilikwangua chaki juu yake, unga mweupe toka mwanzo hadi mwisho. Tukangoja. Sikuthubutu kuvuta pumzi karibu nao. Halafu, shibiri moja kutoka nchani, kwenye mgongo, ikajichora alama ya unyevu, fupi kuliko kope, nyeusi ndani ya weupe.

Baba hakusema neno. Aliubana upanga kwenye jiliwa, akatupa gunia juu yake, akaupiga nyundo moja. Ulivunjika palepale. Alinisogezea mvunjiko kwenye taa: sehemu kubwa ilikuwa ya kijivu, inang'aa kama chumvi ya mawe iliyovunjwa sasa hivi. Kwenye kona ya mgongo kulikuwa na doa dogo, jeusi na kavu. Hapo palikuwa pamepasuka tangu siku upanga ulipozimishwa kwenye mafuta, pakaungua ulipopashwa tena, na gogo halikupaamsha.

"Mteja atakuja kesho," nilisema.

"Atangoja."

Alifagia chaki juu ya fuawe. Kisha akauchukua upanga mwingine ukutani, mmoja wa zile alizozipitisha mwezi uliopita, akaushika pale penye utulivu, akaugonga. Hakuinamisha sikio. Alikuwa ananitazama mimi usoni.