Mpango wa kuchukua sampuli za maji: kijito kinachopokea mfereji wa shamba la mboga

Tunapima kama mfereji unaongeza naitreti na fosfeti kijitoni. Kituo K1, mita 100 juu ya mdomo wa mfereji, ni kidhibiti. K2 kiko mita 200 chini ya mdomo huo, si mdomoni penyewe: pale maji ya mfereji huambaa ukingo mmoja kabla ya kuchanganyika, jambo lililoonekana tulipopima upitishaji umeme ukingo hadi ukingo. K3 kiko mita 800 chini ya mdomo, kabla kijito kingine hakijaingia. K4 ni kidhibiti cha pili, kwenye kijito jirani chenye udongo na upana unaofanana ila hakina shamba, ili athari ya msimu isidhaniwe kuwa ya mbolea.

Ziara ni 12, kila wiki mbili, na 3 za ziada ndani ya saa 24 baada ya mvua kubwa. Kila kituo, kila ziara: chupa 3 za mililita 250, zikipishana dakika 5. Hizo tatu si marudio huru. Wastani wake huhesabiwa kama kipimo kimoja.

Anza K3 kisha panda, matope ya miguu yasikutangulie. Zamisha chupa sentimita 20, mdomo ukielekea mkondo unakotoka. Chuja papo hapo (mikromita 0.45), hifadhi kwenye barafu, fikisha maabara ndani ya saa 48. Kila ziara, chuja pia kituoni chupa moja ya maji yaliyotoneshwa, iitwayo sampuli tupu. Ikionyesha fosfeti, mshukiwa wa kwanza ni sabuni ya kuoshea chupa.

Jumla: sampuli 180 na sampuli tupu 15.