Chambo cha Kibubu

Kaskazi ile samaki waliingia Kilwa Kivinje mpaka bei ya vibua ikaanguka. Baba alirudi na ngalawa alfajiri, wakagawana mafungu pale pwani: la chombo, la nyavu, yanayobaki ya mabaharia. Lake alimkabidhi Mama lote. Mama, kabla hata ya kubandika chai, alishasukuma noti kwenye kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari pande zote.

"Mwezi wa sita hutanitafutia samaki," alimwambia. "Utanitafutia sababu."

Samaki waliokosa bei aliwapasua, akawatia chumvi, akawaanika chanjani. Ng'onda wakikauka anawapanga kwenye pipa na kukalia mfuniko. Hakuna wa kuonja, si mimi wala Bibi, na Bibi ndiye mama yake mzazi!

Usiku mmoja wa Februari niliamka nikamkuta Baba kakiinamia kibubu, kijiti mkononi, nchani kapaka ulimbo wa fenesi, ule tunaotegea ndege. Alikuwa anavua noti. Kwa utulivu kabisa, kama yuko kwenye mwamba.

"Lala, Zuhura mwanangu. Ni ya kamba ya nanga."

Baada ya hapo akavua tena, na tena. Kamba ya nanga sikuiona, ila barazani kwenye kahawa na bao hakukosekana. Sikusema.

Masika ikapita, kusi ikashika. Ngalawa zikavutwa juu, wanaume wakashinda chini ya mkungu wakishona nyavu zilizokwisha shonwa. Aliyejaribu kutoka alirudi amelowa, na changu wawili. Mama alitupimia unga kwa kikombe, kisha kwa nusu kikombe. Julai ulipobaki vumbi, akasema:

"Baba Zuhura, lete nyundo."

Nyundo ilikuwa miguuni pake, lakini aliitafuta nyumba nzima.

Kibubu kilipasuka. Zikadondoka sarafu na noti nne za 1,000. Baba akatazama sakafu.

"Mama Zuhura, mimi..."

"Najua. Noti yenye ulimbo inanata na mwenzake. Niligundua siku ile ile uliponipa ya kununulia mafuta ya taa."

Akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo mdogo. Wanawake wa ng'onda wana kikoba chao, sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Mmoja ulikuwa kwake miezi yote ile, kiunoni.

"Kesho tunavunja. Gunia la mchele nimeshalilipia nusu dukani."

"Na humu?" Baba alinyooshea kidole vipande vya mbao. "Uliendelea kutia."

"4,000 kila wiki. Chambo. Nilipiga hesabu, kahawa yako haizidi hapo. Ungekikuta kitupu ungehamia kwenye pipa."

Baba alikaa kimya kidogo. Kisha akainuka, akafunua pipa, akatoa ng'onda wanne, akaenda uani kuwaloweka mwenyewe.