Namna ya Kuuliza Swali Zuri Maagizo Yasipoeleweka: Maelezo kwa Wanafunzi wa Kidato cha Pili

Wanafunzi wangu, wiki iliyopita niliandika ubaoni kazi ya Historia ya Tanzania na Maadili kwa maneno haya: "Eleza mchango wa reli katika ukuaji wa Kigoma. Kurasa mbili. Kazi ikusanywe Ijumaa." Niliyaacha maagizo hayo yakiwa mafupi kwa makusudi, kwa sababu nilitaka kuona mtayafanyia nini. Wengi wenu mliyanakili kimya kimya mkaondoka, wachache wakasema, "Mwalimu, hatujaelewa," na mmoja akauliza kama kalamu nyekundu inaruhusiwa. Maelezo haya yanahusu kile ambacho kingeweza kuulizwa na namna ya kukiuliza.

Kabla ya kuuliza chochote, yasome maagizo mara ya pili huku ukitenganisha yaliyosemwa na yasiyosemwa. Katika kazi ile yamesemwa mambo manne: unatakiwa kueleza, jambo la kueleza ni mchango wa reli, mahali penyewe ni Kigoma, na urefu ni kurasa mbili. Siku ya kukusanya pia imetajwa, ingawa saa haikutajwa. Ambacho hakikusemwa ni kipindi kinachohusika, kama Kigoma maana yake ni mji au mkoa mzima, kama kurasa hizo ni za daftari au za karatasi kubwa ya mtihani, na kama kazi ni ya mtu mmoja au ya kundi. Mwanafunzi aliyefanya uchambuzi huu mdogo anajua kwamba hakosi kuelewa kazi nzima. Anakosa mambo machache tu, na kila moja linaweza kutajwa kwa jina lake.

Hapo ndipo penye udhaifu wa kauli "sijaelewa". Si kauli mbaya, na mimi siwezi kumkemea mtu kwa kuitamka, lakini haimwonyeshi anayejibu aanzie wapi. Mwalimu akiisikia atarudia maagizo yale yale kwa sauti kubwa zaidi, au ataanza kueleza reli ni nini, ilhali wewe ulitaka kujua tu kama uandike habari za mji au za mkoa. Mtakuwa mmepoteza dakika kumi za kipindi, nawe utarudi kwenye dawati na shaka uliyokuja nayo.

Swali zuri lina sehemu tatu, ambazo kwa kawaida hufuatana ndani ya sentensi moja au mbili: kwanza unasema ulichokielewa, kisha unaonyesha mahali hasa ulipokwama, halafu unapendekeza majibu unayoyaona yanawezekana ili anayejibu achague. Kwa mfano: "Samahani Mwalimu, nimeelewa kwamba tunaeleza faida ambazo reli iliiletea Kigoma, lakini sijui tuishie wapi. Je, tuandike kuhusu enzi za ukoloni peke yake, au tufike hadi baada ya Uhuru?" Swali hilo linajibika kwa maneno mawili. Tena linanifunulia kama ulichodhani umeelewa ni sahihi, kwa sababu nilisema "mchango", wala sikusema "faida". Huenda nikataka uangalie pia hasara, na nitakurekebisha hapo hapo kabla hujaandika hata mstari mmoja.

Swali huwa bora zaidi likitanguliwa na kusoma kidogo. Mwanafunzi aliyefungua kitabu atakuta kwamba ujenzi wa Reli ya Kati ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Atakuta pia kwamba Ujiji ulikuwa mji wa biashara na kituo cha misafara miaka mingi kabla ya hapo. Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 alimkuta Ujiji, wakati ambapo reli haijafikiriwa. Mwenye maarifa hayo atauliza hivi: "Mwalimu, Ujiji ulikuwa umekwishakua kabla ya reli kufika. Je, nianze kwa kueleza hali ya Ujiji ili mabadiliko yaonekane, au nianze moja kwa moja na mwaka 1914?" Na pengine ataongeza kwamba mwaka huo huo Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza, kwa hiyo angependa kujua kama usafirishaji wa askari na vifaa vya vita uhesabiwe kuwa sehemu ya mchango unaotakiwa. Nakiri kwamba maswali ya namna hii hunifurahisha kuliko majibu mengi ninayoyasahihisha, maana muulizaji ameshaanza kazi yenyewe bila kujua.

Hata hivyo kusoma kabla ya kuuliza hakumaanishi kungoja mpaka ujue kila kitu. Ukisoma kwa muda wa kutosha kuona wapi njia inagawanyika, uliza.

Nitoe mfano mwingine kutoka somo la Jiografia, kwa kuwa huko maagizo yasiyo kamili huharibu kazi nzima na si alama mbili tatu tu. Tuseme kundi lenu limeambiwa: "Pimeni mvua kila siku kwa mwezi mzima na mwandike matokeo." Inaonekana ni kazi nyepesi: kipima mvua kipo uwanjani, na kipimo ni milimita. Lakini mvua ikinyesha usiku wa manane kuamkia tarehe 12, nanyi mkaja kupima saa tatu asubuhi, maji hayo yaandikwe chini ya tarehe 11 au 12? Kundi moja likiandika hivi na jingine vile, majedwali yenu hayatalingana ingawa mvua ni ile ile iliyonyesha juu ya shule moja. Je, siku isiyo na mvua iandikwe sifuri au iachwe wazi? Tofauti yake ni kubwa, kwa sababu nafasi iliyoachwa wazi inaweza kusomeka kuwa hamkupima kabisa. Na siku za Jumamosi na Jumapili, ambapo wanaokaa Mwanga na Gungu hawafiki shuleni, nani atapima. Au maji ya siku mbili yasomwe kwa pamoja Jumatatu na kuwekewa alama?

Angalieni kwamba maswali hayo yote yanapaswa kuulizwa kabla ya siku ya kwanza ya kupima. Yakiulizwa mwisho wa mwezi yanakuwa maombolezo, kwani maji yaliyomwagwa hayapimiki tena. Vivyo hivyo, mwalimu wa mazao akiwaambia shuleni "mwagilieni bustani vya kutosha", swali la ndoo ngapi kwa tuta moja ni la leo.

Si kila pengo katika maagizo linahitaji swali. Jiulize: majibu mawili tofauti yatanifanya nifanye kazi mbili tofauti? Kama ndiyo, uliza. Kama sivyo, amua mwenyewe uendelee. Iwapo kurasa mbili ni za daftari au za karatasi kubwa, urefu wa insha unabadilika karibu mara mbili, basi hilo linaulizika. Rangi ya kalamu ya kupigia mstari kichwa cha habari haibadilishi chochote, na ndugu yangu aliyeiulizia anisamehe kwa kumtumia kama mfano. Pia msiulize kilichoandikwa ubaoni tayari. Na mkiwa na maswali matatu, yapangeni na kuyauliza kwa pamoja, lile zito likitangulia, badala ya kurudi ofisini mara tatu katika mapumziko ya chai.

Wapo kati yenu wanaonyamaza kwa sababu ya malezi. Nyumbani wamefundishwa kwamba mtoto akitumwa na mkubwa huitika "abee" au "naam" na kwenda, na kwamba kuuliza uliza ni ukaidi. Nayaheshimu malezi hayo, nami nimelelewa hivyo. Lakini mama akikuambia, "Nenda Kibirizi ukaninunulie dagaa wa shilingi elfu kumi," ukarudi na wabichi wakati alitaka wakavu wa kumpelekea shangazi yako Tabora, utii wako hautamsaidia. Dagaa wabichi hawatafika Tabora wakiwa wazima. Adabu inakaa katika namna ya kuuliza. "Sawa mama, naenda. Niwachukue wakavu au wabichi?" Umeitika kwanza, umeonyesha kwamba umekubali kutumwa, ndipo ukauliza. Ukianza na "Dagaa gani sasa?" neno hilo la mwisho litasikika kama manung'uniko hata kama hukukusudia. Kwa walimu ni hivyo hivyo: salamu, kisha "naomba kuuliza", kisha swali lenyewe bila kuzunguka.

Ukishajibiwa, rudia jibu kwa maneno yako: "Kwa hiyo Mwalimu, ninaandika kuhusu mji wa Kigoma, kuanzia 1914 hadi Uhuru, kurasa mbili za daftari." Inachukua sekunde chache, na mara nyingi ndipo mwalimu mwenyewe anapokumbuka kwamba alisahau kusema jambo. Kama swali lako linawahusu wenzako wote, omba liulizwe darasani au mpe kiranja alitangaze jibu, kwa sababu jibu linalopita mdomo kwa mdomo kutoka dawati la mbele hadi la nyuma hufika likiwa limebadilika. Na usimuulize jirani yako jambo ambalo mtoa maagizo peke yake ndiye anayelijua. Jirani atakupa dhana yake kwa sauti ya uhakika.

Kuna wakati hakuna wa kumuuliza. Katika chumba cha mtihani msimamizi haruhusiwi kukufafanulia swali, hata kama analielewa. Hapo fanya kila kilichosemwa waziwazi, na palipo na shaka chagua maana inayolingana zaidi na maneno ya swali pamoja na alama zilizotolewa. Swali la alama mbili halikusudii kurasa mbili. Kwa kazi ya nyumbani, iwapo uko Mwandiga jioni na simu ya mwalimu haipatikani, andika juu ya kazi yako sentensi moja: "Nimechukulia kwamba Kigoma katika swali hili ni mji, si mkoa." Mwalimu atakusahihisha kwa kuzingatia ulichokusudia, na kama ulikosea ataona kosa liko wapi. Sentensi hiyo isigeuke kinga ya uvivu, lakini; aliyekaa na mwalimu siku nne bila kuuliza hana haki sawa na aliyekosa mtu wa kumuuliza.

Kazi ya reli naisogeza hadi Ijumaa ya wiki hii. Kwa kuanzia, kila mmoja aandike swali moja tu kuhusu maagizo yake, lenye sehemu tatu nilizozitaja, na asirudie mifano niliyoitoa hapa. Kiranja ayakusanye na kuyaweka mezani kwangu Jumatano kabla ya kipindi cha kwanza, nami nitayajibu yote darasani kipindi cha tatu.