Tangi Lisiloisha

Sauti ya Juma iliniingia WhatsApp saa tatu usiku, kutoka Busia: "Mjomba, shikamoo. Mbona boda yangu haiishiwi mafuta?"

Nilicheka. Kwenye gemu yetu mafuta lazima yaishe, ndiyo utamu wake. Umembeba abiria Wandegeya, foleni ya Jinja Road imekubana, mshale unashuka, na ukikosea njia utaisukuma pikipiki mpaka kituo cha petroli. Mimi na Akello tulibishana juu ya mshale ule miezi mitano, chumbani Ntinda, mpaka kijana wa roleksi pale chini akawa hatuulizi tena tunataka mayai mangapi.

"Umefanyaje?"

"Nagonga helmeti mara saba. Huku Sofia wote tunajua."

Moyo ukanipiga paa. Nikafungua laptopu, na kwenye faili ya pikipiki nikakuta mwandiko wangu mwenyewe:

```
# ondoa kesho
if helmet_taps >= 7:
    fuel = MAX_FUEL
```

Niliukumbuka usiku huo. Umeme umekatika, betri inapumulia puani, na hitilafu niliyoitafuta ilikuwa Mukono, mwisho kabisa wa safari. Nani angeendesha dakika ishirini kila jaribio? Nikajipa mafuta ya bure. Ningeongeza sharti moja tu, `OS.is_debug_build()`, siri ingebaki kwetu na toleo la watu lisingeijua. Sikuongeza. Kesho yenyewe ina miezi minane sasa.

Si mimi wa kwanza. Kazuhisa Hashimoto wa Konami alijiwekea mkato wa vibonye kwenye Gradius ya 1986, kwa sababu gemu ilikuwa ngumu kwake kuijaribu. Ukabaki ndani, dunia ikaukariri. Lakini yeye hakuwa na ubao wa washindi mtandaoni. Mimi ninao. Nafasi ya kwanza hadi ya tisa zilishikwa na majina ya aina ya SofiaMoto na SofiaJet. Wa kwanza alikuwa amezunguka kwa muda wa saa kumi na moja bila kugusa petroli, nasi tulimsifu kwa bidii yake.

Nilimpigia Akello. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na yule mama wa Lira aliyeshika nafasi ya kumi?"

"Huyo anajaza mafuta."

"Basi huyo ndiye wa kwanza. Rekebisha."

Nikafuta mistari, nikapandisha toleo jipya, nikamrudia Juma. Nilijiandaa kwa lawama.

"Kwani ni wewe uliyetuwekea, mjomba?"

Ningesema nilisahau. Ulimi ukakataa. "Ndiyo. Nilitaka kuona nani ataigundua."

"Nilijua!" Akapiga kelele, na nyuma yake nikasikia wenzake wakishangilia. "Sasa ile ya pili umeificha wapi?"

Nikamwambia alale, kesho ana shule. Nilipokata simu nikatafuta maneno "ondoa kesho" kwenye faili zote za gemu.

Yalitokea mara nne.