Barua ya kuomba udhamini wa magoli mawili ya ligi ya watoto

Kamati ya Ligi ya Watoto ya Mtaa
22 Juni 2026

Kwa Mkurugenzi,
Duka la Vifaa vya Ujenzi

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAOMBI YA UDHAMINI WA MAGOLI MAWILI YA CHUMA

Tunaliomba duka lako litudhamini vifaa vya kutengeneza magoli mawili ya chuma kwa ajili ya ligi ya watoto wa chini ya miaka 13: mabomba 4, saruji mifuko 3, rangi, chokaa na nyavu 2. Hatuombi fedha taslimu. Nasi tutaweka ubao wenye jina la duka lako nyuma ya kila goli kwa misimu mitatu, tutalitangaza duka uwanjani katika kila mechi, na kwa misimu hiyo yote hatutapokea mdhamini mwingine wa vifaa vya ujenzi. Tunaomba jibu lako kabla ya Ijumaa, 17 Julai 2026, kwa sababu ligi inaanza Jumamosi, 5 Septemba, na zege linahitaji muda wa kukomaa kabla mtoto hajaegemea nguzo.

Msimu uliopita tulicheza na nguzo za miti, na juu yake tukafunga kamba badala ya mtambaapanya. Kamba hulegea. Katika mechi ya nusu fainali mpira ulipita palepale ilipokuwa imebonyea. Upande mmoja ukashangilia goli, upande wa pili ukasema umepita juu, na refa, ambaye ni mzazi aliyejitolea, hakuwa na namna ya kujua. Watoto wa timu zote mbili waliondoka wakilia. Sheria ya kwanza ya soka inakataza waziwazi kutumia kamba badala ya mtambaapanya, na siku ile tulielewa kwa nini.

Lakini kilichotufanya tuandike barua hii ni tukio la wiki iliyofuata. Kipa mmoja, msichana wa miaka 11, aliishika nguzo kwa mkono wa kushoto huku akiwapanga mabeki wake kwa kona. Nguzo ikainama naye. Mchwa walikuwa wameshaila chini ya udongo, kwa juu ilionekana nzima kabisa. Hakuumia, tunamshukuru Mungu, kwa kuwa aliiachia mapema na nguzo yenyewe ilikuwa nyepesi. Tuliing'oa siku hiyohiyo, na kamati ikaamua kwamba hakuna mtoto atakayesimama tena chini ya goli ambalo hatuna hakika nalo. Ukweli ni kwamba tusipopata magoli imara, hatutaanza msimu.

Vipimo tumevipiga na fundi, na tumejitahidi tusiombe zaidi ya kinachohitajika. Timu zetu huchezesha watoto 9 kila upande, kwa hiyo tumechukua goli la upana wa mita 4.88 na kimo cha mita 2.13. Bomba moja la mita 6 lenye kipenyo cha inchi 3 linatoa mtambaapanya mzima bila kiungo katikati, na hilo ni jambo kubwa, kwani kiungo ndipo kutu huanzia. Bomba la pili linakatwa nguzo mbili, kila moja ikiwa na sentimita 60 za kufukia ardhini. Hivyo kila goli ni mabomba mawili tu, na vipande vinavyobaki, karibu mita moja na nusu kwa goli, ndivyo vitakavyoshika wavu kwa nyuma. Saruji mifuko 3 ya kilo 50 inatosha mashimo yote manne. Tunahitaji pia lita 1 ya rangi ya kuzuia kutu, lita 2 za rangi nyeupe ya mafuta, na mifuko 6 ya chokaa ya kuchorea mistari.

Mchanga na kokoto tunavyo. Kuchomelea kutafanywa bila malipo na fundi ambaye mwanawe anacheza katika timu mojawapo, na mashimo watachimba wazazi. Ruhusa ya kusimika magoli ya kudumu tumeshapewa kwa maandishi na wenye uwanja, nakala nimeiambatanisha.

Kuhusu tarehe, naomba nieleze kidogo, nisionekane nakuharakisha. Tukipata vifaa ifikapo 17 Julai, fundi atakuwa na wiki mbili za kukata, kuchomelea na kupaka rangi ya kwanza. Tutasimika Jumamosi, 1 Agosti. Zege hufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28, yaani 29 Agosti, na wiki inayobaki ni ya rangi nyeupe, nyavu na majaribio. Katika hesabu hiyo hakuna siku ya akiba. Jibu likichelewa wiki moja, itabidi tusogeze ufunguzi, na tukisogeza ufunguzi mechi za mwisho zitaangukia kwenye mitihani ya watoto.

Sasa faida kwa upande wako. Ligi ina timu 8, kila timu watoto 14, na kila timu inakutana na nyingine mara moja: mechi 28, nne kila Jumamosi, hadi 17 Oktoba. Wanaosimama pembeni ni wazazi, kaka na dada, mafundi, watu wanaojenga na kukarabati nyumba katika mtaa huuhuu unaofanyia biashara. Siwezi kukuahidi kwamba mauzo yataongezeka, sina namna ya kulipima hilo. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba kila mpira utakaoingia wavuni, macho ya watu wote yatakuwa yameelekea kwenye ubao wenye jina lako. Ubao ni wa futi 8 kwa 4, gharama ya kuuchora ni yetu, na maandishi yake utayaidhinisha wewe kwanza. Tutakuomba pia upige mpira wa kwanza siku ya ufunguzi, na mwisho wa msimu utapata taarifa yenye picha na orodha ya kila kifaa na kilivyotumika.

Kama vyote kwa pamoja ni vingi, tunaomba mabomba na saruji kwanza, kwa sababu ndivyo vinavyobeba usalama wa watoto. Wavu na chokaa tutavitafuta kwingine, na ubao wako utawekwa vilevile.

Nitapita dukani mwenyewe Jumatano, 8 Julai, saa nne asubuhi, nikiwa na mchoro wa fundi. Endapo saa hiyo haikufai, mwambie aliyekuletea barua hii saa utakayopenda, nami nitakuja. Hata jibu la hapana tutalipokea kwa heshima. Likija mapema litatupa nafasi ya kugonga mlango mwingine.

Wako katika michezo,

Katibu,
Kamati ya Ligi ya Watoto ya Mtaa

Viambatanisho: mchoro wa goli na vipimo vyake, nakala ya ruhusa ya uwanja, ratiba ya mechi.